mzee_FINAL_final2.blend: acheni kuandika matumaini kwenye jina la faili

Leo nina ugomvi na neno moja tu, nalo ni "final". Fungua kompyuta ya karibu kikundi chochote kinachotengeneza filamu ya katuni na utakutana na kitu kama hiki:

```
mzee_final.blend
mzee_final2.blend
mzee_FINAL_mpya.blend
mzee final ya Otieno.blend
```

Sasa niambie: ni mzee yupi kati ya hao wanne anayetembea katika shoti ya 112? Huwezi kujua. Otieno mwenyewe hawezi kujua. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tumeamua kuweka daftari letu ndani ya majina ya faili, kisha tunalichana kila Ijumaa jioni.

Wenye mtindo huu hujitetea kwamba wao ni wasanii, mambo ya mpangilio ni ya makarani. Sikubali. Msimamo wangu ni huu: jina la faili liseme kitu ni NINI, na lisibadilike mpaka filamu iishe. Kwamba kitu kimekamilika au kimekubaliwa, hiyo ni hali, na hali hubadilika, kwa hiyo iandikwe kwenye lahajedwali au hata kwenye karatasi ukutani. Ukivunja kanuni hii, hasara haiishii kwenye majina. Inafika kwenye folda, na mwisho inaua nakala zako za akiba. Ngoja nionyeshe njia inayopitia.

Tuchukue mradi wa kawaida. Filamu ina shoti 200, kila shoti sekunde 4 kwa wastani, fremu 24 kwa sekunde. Hiyo ni filamu ya dakika 13 na sekunde 20, yenye fremu 19,200. Kikundi kina watu watano na kinatumia Blender, maana ni ya bure.

Katika mradi kama huu, mzee hanakiliwi ndani ya kila shoti. Anakaa katika faili yake moja, na faili za shoti zinamwelekezea kidole tu: mzee yuko pale, mchukue. Tuseme anaonekana katika shoti 90. Leo mchoraji anamwongezea kifungo cha nne kwenye koti, kisha anahifadhi kama mzee_final2. Zile shoti 90 bado zinanyooshea kidole mzee_final, na hakuna anayepiga kelele kwa sababu faili ya zamani bado ipo na inafunguka vizuri. Shoti mpya zinamchukua mzee mpya. Miezi miwili baadaye mnaunganisha filamu, na katika shoti ya 112 koti lina vifungo vitatu, katika ya 113 lina vinne. Hapo ndipo mtu anafuta mzee_final ili "kusafisha", na shoti zote zilizomtegemea zinafunguka bila mzee.

Dawa yake si ngumu. Kuwe na folda tatu kuu, na kila moja iwe na kazi yake:

```
mradi/
  kazi/      chr_mzee_v011.blend, chr_mzee_v012.blend
  chapisho/  chr_mzee.blend
  fremu/     sq020_sh0150/
```

Ndani ya kazi kila toleo lina namba na namba inapanda tu, hairudi nyuma. Toleo likikubaliwa, nakala yake inawekwa ndani ya chapisho kwa jina lisilo na namba, juu ya ile ya zamani. Shoti zote 90 zinaelekeza kwenye chapisho, kwa hiyo zote zinapata kifungo cha nne siku hiyo hiyo. Najua mtauliza: na toleo jipya likiwa na mkono uliovunjika, si shoti 90 zitaharibika pamoja? Ndiyo, zitaharibika, na utaiona hitilafu asubuhi ile ile badala ya baada ya miezi miwili. Unachukua v011 kutoka kazi, unairudisha chapisho, mnaendelea.

Tahadhari moja hapa. Usinakili kutoka kazi kwenda chapisho kwa kuburura faili na kipanya. Tumia `Save Copy` ya Blender yenyewe, na alama ya `Remap Relative` iwe imewekwa. Faili ya mzee nayo inaelekeza kwenye picha za ngozi na nguo zake, na ukiihamisha kienyeji njia hizo zinaweza kukatika, mzee akageuka wa rangi ya waridi. Waridi katika Blender maana yake ni picha haikupatikana.

Upande wa shoti, jina liwe kama `sq020_sh0150_anim_v007.blend`. Sifuri za mbele zipo ili orodha ipangike sawasawa, vinginevyo programu nyingi zitaweka shoti ya 10 kabla ya shoti ya 2. Tunahesabu kwa makumi ili mwongozaji akitaka shoti mpya kati ya 0150 na 0160 apate 0155 bila kubadilisha jina la yeyote. Herufi zote ziwe ndogo na pasiwe na nafasi, kwa sababu Windows haitofautishi Mzee na mzee, lakini Linux inatofautisha. Kazi iliyofunguka vizuri mezani kwako inaweza kukwama siku utakapoipeleka kwenye mashine ya Linux kurenda, yaani kuzalisha fremu zenyewe.

Sasa tuje kwenye akiba, na hapa ndipo utaona kwa nini nilianza na majina.

Folda ya kazi na ya chapisho zina vitu vilivyotengenezwa kwa mkono wa binadamu, pamoja na sauti mlizorekodi. Folda ya fremu ina vitu vilivyozalishwa na mashine. Tuseme kila fremu ina MB 20: fremu 19,200 zinakula GB 384. Kazi na chapisho pamoja, hata na matoleo yote ya zamani, tuseme ni GB 60. Kwenye intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde bila kukatika, GB 60 zinapanda kwa saa 13 hivi, usiku mmoja. Ukichanganya na fremu inakuwa GB 444, na hizo zinataka zaidi ya siku 4. Aliyerundika kila kitu katika folda moja hawezi kuokoa kilicho muhimu bila kubeba kisicho muhimu, kwa hiyo anaahirisha wiki hii na ijayo, mpaka siku ambayo hakuna cha kuokoa.

Sisemi fremu zitupwe. Zikichukua dakika 5 kila moja kurenda, zote ni saa 1,600, yaani siku 67 kwa mashine moja. Ziwekee nakala ya pili kwenye diski nyingine pale pale ofisini, inatosha. Ila hakikisha umehifadhi pia toleo lile lile la Blender mlilotumia, kwa maana toleo jingine linaweza kukupa mwanga tofauti.

Kwa zile GB 60, nakala tatu: ya mezani, ya diski ya nje, na ya jengo lingine kabisa. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta saa zote siihesabu kama akiba. Mwizi ataondoka na vyote viwili, na kirusi kinachofunga faili kitafunga vyote viwili. Folda inayojisawazisha na mtandao nayo siihesabu. Ukifuta huku inafuta kule, na ingawa huduma nyingi huweka vilivyofutwa kwa siku kadhaa, faili mliyoiharibu miezi mitatu iliyopita hutaipata. Unahitaji programu inayokumbuka kila siku kivyake. Mimi natumia `restic`, ni ya bure:

```
restic -r /mnt/akiba/repo init
restic -r /mnt/akiba/repo backup /mradi/kazi /mradi/chapisho
```

Mstari wa kwanza ni wa mara moja tu, wa pili ni wa kila jioni. Neno la siri utakaloulizwa liandikwe na litunzwe mahali pawili, kwa sababu likipotea hakuna wa kukufungulia.

Mtu ataniambia, "Sisi akiba tunayo, inafanyika yenyewe." Pixar nao walikuwa nayo. Mwaka 1998, Toy Story 2 ikiwa katikati ya utengenezaji, amri ya kufuta iliendeshwa mahali pasipofaa na karibu asilimia 90 ya filamu ikatoweka. Walipoigeukia akiba wakakuta haikuwa ikifanya kazi sawasawa kwa takriban mwezi mzima. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, msimamizi wa kiufundi wa filamu hiyo, ambaye alikuwa akifanyia kazi nyumbani kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga. Filamu ilitoka Novemba 1999. Studio tajiri iliokolewa na mtoto mchanga. Wewe utaokolewa na nini?

Kwa hiyo kila mwezi fanya jaribio hili. Chukua kompyuta nyingine, isiyounganishwa na ile ya kwanza wala na mtandao wa ofisi, chomeka diski ya akiba, kisha:

```
restic -r /mnt/akiba/repo restore latest --target /jaribio
```

Fungua shoti moja uliyoichagua kwa bahati nasibu, tuseme sq020_sh0150, na urende fremu moja. Ilinganishe na ile ya zamani. Zikifanana, unayo akiba. Blender ikilalamika kwamba kuna faili haioni, akiba yako ina tundu, na umelijua ukiwa bado na muda.

Kwa nini nasisitiza kompyuta nyingine? Kwa sababu kama shoti inaelekeza kwa njia kamili, mfano `D:\mradi\chapisho\chr_mzee.blend`, basi ukijaribu kwenye kompyuta ile ile itamchukua mzee wa asili wala si wa akiba, nawe utashangilia bure. Njia salama katika Blender huanza na `//`, maana yake "anzia hapa faili ilipo". Zikiwa si hivyo, zibadilishe kwa `File > External Data > Make Paths Relative`, uhifadhi, uchukue akiba upya na ujaribu tena.

Na huyo mzee wa Otieno? Mpe jina lake leo: `chr_mzee_v013.blend`. Kama ni wa mwisho au si wa mwisho, mwongozaji atasema.