Shangazi Hakuzaliwa na Kh Yake

Siku ya Idi iliyopita, hapa nyumbani Edmonton, mtoto wa binamu yangu, binti wa miaka kumi na tano, aliingia ukumbini akawaamkia wakubwa mmoja mmoja, kisha akamwuliza shangazi yangu habari za afya yake. Alijibiwa mbele ya wageni: "Sema khabari. Hiyo habari si ya kwetu." Tangu siku hiyo binti yule hatusemezi tena kwa Kiswahili. Akiulizwa jambo hujibu kwa Kiingereza na kuinamisha macho.

Baada ya wiki mbili ukapita waraka katika ukoo, ukidai kwamba Kiunguja chetu kinakufa Edmonton. Ushahidi uliotolewa ni mmoja tu: wazee wetu husema khabari, kheri na khofu, na vijana wetu husema habari, heri na hofu. Naandika kuupinga waraka huo, kwa heshima zote za waliouandika, kwa sababu ushahidi wao hauthibitishi wanachokidai.

Ushahidi wa namna hiyo unajulikana kwa wataalamu wa lugha. Tuuite ushahidi wa wakati wa kukisia. Msingi wake ni kwamba mtu huyashika matamshi yake ujanani na hubaki nayo, hata mzee wa miaka themanini akawa kama kanda iliyorekodiwa zamani. Mweke kando ya kijana, na utakuwa umesoma miaka sitini kwa siku moja. William Labov aliitumia njia hii mwaka 1961 katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, alipoona kwamba irabu mbili za Kiingereza zilitamkwa tofauti kwa kufuata umri wa wasemaji. Lakini hakukomea hapo. Aliyalinganisha matokeo yake na maandishi ya wakusanyaji wa atlasi ya lahaja za New England, waliokifikia kisiwa hicho katika miaka ya 1930. Huo ndio ushahidi wa wakati halisi: jamii ile ile, ikisikilizwa mara mbili, miaka mingi ikiwa imepita katikati. Waandishi wa waraka wetu walichukua nusu ya kwanza ya kazi wakaiacha ya pili.

Hata hiyo nusu ya kwanza haikutimia. Wakati wa kukisia una sharti: wanaolinganishwa wawe wa jamii moja ya wasemaji, watofautiane kwa umri tu. Shangazi alilelewa Malindi, Unguja. Binti yule alizaliwa hapa, Kiswahili chake amekipata kwa mama aliyekulia Dar es Salaam, na akishatoka mlangoni hakisikii tena. Ukiwaweka hawa wawili pamoja umepima umbali wa Malindi na Edmonton, kisha ukauita urefu wa wakati.

Basi tulinganishe Edmonton na Edmonton. Ninayo kanda ya mwaka 1991, iliyorekodiwa siku ya Idi katika mtaa huu huu ili ipelekwe Maskati kwa babu. Tunasikika vijana watano, mimi nikiwamo, wa miaka kumi na tano hadi kumi na nane, sote tuliozaliwa Uingereza. Niliisikiliza usiku tatu, nikiandika kila neno lenye asili ya kh. Karibu kila mahali tulisema habari, heri, hofu. Wala haiwezekani kusema kwamba tulizembea, kwani tulikuwa mbele ya kinasa sauti, tukimsemesha babu. Kama kh ingalikuwa vinywani mwetu, siku hiyo ingalitoka.

Vijana wale leo wamefika hamsini. Wasikilizeni kwenye khitima wanapopokea mikono ya rambirambi, au wanapopiga simu Maskati: khabari, kheri, khofu. Hakuna aliyewafundisha. Imewajia pamoja na kuoa, kuzika na kukaa mbele za watu, kama mvi zinavyokuja. Hivyo tofauti iliyowatisha waandishi wa waraka ilikuwapo pia mwaka 1991, na hao waliokuwa upande wa vijana wamehamia upande wa wazee. Huo ni mpito wa umri: mtu anabadilika, jamii inabaki ilipokuwa. Atazamaye siku moja tu hawezi kuupambanua na badiliko la lugha lenyewe.

Sasa nifike mahali pagumu, na shangazi aniwie radhi. Ninayo kanda nyingine, ya mwaka 1986, aliyoirekodi yeye mwenyewe akimwelezea kaka yake mambo ya London. Humo anasema habari na hofu, tena mara nyingi. Wakati huo alikuwa hajaanza darsa za wanawake wala safari za kila mwaka za Oman. Asije mtu akadhani ni tofauti ya mazungumzo ya ndugu na ya hadhara: leo akizungumza na kaka huyo huyo kwa simu, husema khabari. Mzee tuliyemfanya kipimo cha zamani amesogea yeye mwenyewe. Wala si ajabu. Mwaka 2000 Jonathan Harrington na wenzake walichapisha uchunguzi wa hotuba za Krismasi za Malkia Elizabeth wa Pili, wakilinganisha za miaka ya 1950 na za miaka ya 1980. Irabu za Malkia zilikuwa zimesogea kuelekea matamshi ya raia wake walio vijana zaidi. Ikiwa ulimi wa Malkia haukukaa mahali pamoja, wetu utakaaje?

Najua nitaambiwa kwamba barua za babu zina herufi ya khe. Ni kweli. Lakini aliyesoma Kiarabu huliandika neno la Kiarabu kwa hijai yake, vyovyote alitamkavyo. Na baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930 na kusanifisha maandishi ya Kilatini, hata aliyetamka khabari aliandika habari. Barua hizo ni shahidi wa kalamu.

Sisemi kwamba hakuna kilichobadilika. Katika kanda ile ya 1991 sisi vijana tulisema viatu vyangu, kisu kile, vitabu vizuri, na hadi leo twasema hivyo. Vijana wa sasa, katika salamu za sauti wanazompelekea ami yangu Maskati, yaani katika hali iliyo sawa na ile ya kanda yetu, husema viatu zangu, kisu ile. Hapa mpito wa umri hauelezi kitu, kwa kuwa sisi tulipokuwa na umri wao hatukukosea. Ni nyumba moja na kanda moja, sikatai, lakini dalili inaelekea upande mmoja.

Tazameni basi tulichofanya. Kh, ambayo kwetu ilikuja yenyewe, tumeipigania hadharani. Upatanisho wa ki na vi, ambao hupatikana kwa kukisikia na kukisema Kiswahili kila siku, tumeuondolea njia yake, maana tumemnyamazisha mtoto.

Walio na kanda wasizitupe. Waandike juu ya kila moja mwaka, mahali, majina na umri wa wasemaji, na nani alikuwa akisemeshwa, wakaziweke mahali pakavu. Na shangazi, kwako nina ombi moja: mpigie simu binti yule, umwulize habari zake, kama ulivyomwuliza kaka yako mwaka 1986.