Bidhaa Isiyouzika na Bidhaa Isiyojaribiwa

Mfanyabiashara wa Mwanjelwa jijini Mbeya au wa Miyomboni mjini Iringa anayelipia matangazo ya Facebook na Instagram kupitia katalogi, yaani orodha ambamo kila bidhaa ya duka imepewa namba, jina, picha na bei ili mfumo wa matangazo uchague wenyewe ipi ioneshwe kwa nani, kwa kawaida hupima kazi ya mwezi kwa hesabu moja tu: fedha iliyolipwa kwenye matangazo na fedha iliyoingia dukani. Hesabu hiyo si ya uongo, lakini hufunika jambo ambalo mwenye duka anapaswa kulijua kuliko yote, kwani ndani ya jumla hiyo zimo bidhaa chache zinazolibeba duka, zimo nyingine zinazokula fedha bila kurudisha, na zimo nyingi zaidi ambazo hakuna mteja aliyewahi kuzibofya. Kosa linalorudiwa ni kuyachanganya makundi mawili ya mwisho na kuyafuta yote kwa jina moja la bidhaa zisizouzika.

Mfano wa duka la kufikirika utaeleza jambo hili. Duka hilo lina bidhaa 1,200, zikiwamo blanketi, mabuti ya mvua, mabomba ya kupulizia dawa shambani na simu, nalo hutumia shilingi 600,000 kwa mwezi. Kila mbofyo, yaani kila mara mtu anapogusa tangazo, hugharimu shilingi 100, na kwa wastani mauzo moja hupatikana katika kila mibofyo 50. Kwa hiyo duka hupata mibofyo 6,000 na mauzo 120, na kila mauzo huligharimu shilingi 5,000 za matangazo.

Kipimo cha kwanza cha bidhaa mshindi ni faida ghafi, yaani kinachobaki katika bei baada ya kutoa gharama ya kununulia mzigo na kuusafirisha. Simu ya shilingi 300,000 inayoacha faida ya shilingi 9,000, ikiwa imetumia shilingi 10,000 za matangazo mpaka kuuzwa, imeingiza mara 30 ya gharama ya tangazo lake na itakaa juu kabisa katika jedwali lililopangwa kwa mauzo, ilhali imelitia duka hasara ya shilingi 1,000. Blanketi la shilingi 45,000 lenye faida ya shilingi 15,000, likiuzwa kwa shilingi 5,000 za matangazo, limeingiza mara tisa tu, lakini limeacha shilingi 10,000 mkononi. Kwa sababu hiyo kila bidhaa ina ukomo wake wa mibofyo: mabuti yenye faida ya shilingi 4,000 lazima yauzwe angalau mara moja katika mibofyo 40, na yakiuzwa kwa wastani wa duka zima, yaani mara moja katika mibofyo 50, tayari yanaleta hasara.

Ugumu huanza pale bidhaa inapokuwa na mibofyo michache, na katika katalogi kubwa hiyo ndiyo hali ya bidhaa nyingi. Bidhaa iliyobofywa mara 30 bila kuuzwa huonekana imeshindwa, lakini hesabu ya uwezekano inaonesha kwamba bidhaa nzuri kiasi cha wastani wa duka, inayouzwa mara moja katika mibofyo 50, inaweza kupita mibofyo 30 bila mauzo yoyote kwa zaidi ya nusu ya nyakati. Mpaka ifike mibofyo 150, yaani mara tatu ya ile 50, ndipo uwezekano huo hushuka hadi takribani asilimia 5, na hapo hukumu ya kushindwa huwa na msingi. Hata hivyo, kuipa kila bidhaa mibofyo 150 kunagharimu shilingi 15,000, na duka la mfano lenye mibofyo 6,000 kwa mwezi lingeweza kuzijaribu bidhaa 40 tu, hivyo kuzimaliza zote 1,200 kungechukua miezi 30.

Njia ya kutoka humo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuanza na dhana kwamba kila bidhaa ni ya wastani mpaka ithibitishe vinginevyo, kwa kuongeza mauzo moja na mibofyo 50 ya kudhania katika hesabu ya kila moja. Bidhaa iliyouzwa mara mbili katika mibofyo 10, ambayo kwa hesabu tupu ina asilimia 20 na ingetangazwa mshindi, hushuka hadi mauzo matatu katika mibofyo 60, yaani asilimia 5. Ile iliyouzwa mara 16 katika mibofyo 400 hutoka asilimia 4 hadi takribani 3.8, karibu palepale, kwa kuwa ushahidi wake ni mzito. Sehemu ya pili ni kuhukumu makundi badala ya bidhaa mojamoja, kwa kujaza katika katalogi safu kama `custom_label_0` inayobeba alama ya aina ya bidhaa na `custom_label_1` inayobeba kiwango cha faida, ili mibofyo mitano mitano ya mablanketi 30 isomwe pamoja kama mibofyo 150.

Hesabu zote hizi hutegemea mauzo kuandikwa kwenye bidhaa inayostahili, na hapa biashara ya Nyanda za Juu Kusini ina tatizo lake, kwa sababu mteja wa Tukuyu au Mafinga akishabofya huendelea na mazungumzo kwenye WhatsApp, hulipa kwa simu, kisha mzigo hutumwa kwa basi, nao mfumo wa matangazo hauyaoni malipo hayo. Dawa yake ni rahisi: ujumbe wa kwanza wa mteja utangulie kuandikwa ukiwa na namba ya bidhaa aliyoibofya, na muuzaji aandike katika daftari namba mbili, ya bidhaa iliyobofywa na ya bidhaa iliyonunuliwa. Mara nyingi hizo mbili hutofautiana, na mabuti yanayowaleta watu wanaoondoka na blanketi hayapaswi kufutwa kwa sababu tu yenyewe hayauzwi. Mibofyo ya siku chache za mwisho pia iachwe nje ya hesabu, kwa kuwa wateja wake bado wanaulizia bei.

Bidhaa iliyovuka mibofyo 150 bila mauzo ichunguzwe kabla ya kuondolewa. Yakiwa ni mabuti ambayo namba 41 hadi 43 zimekwisha stoo, kilichoshindwa ni stoo, na dalili yake ni mazungumzo mengi yanayokatika mara mteja anapotaja namba ya mguu wake. Likiwa bomba la kupulizia dawa lililopimwa Julai, wakati wa baridi kali na mashamba mengi ya mvua yakiwa yameshavunwa, hukumu hiyo haina thamani Desemba mvua zinapokuwa zimeanza, kama ambavyo blanketi lililoshindwa Desemba halijahukumiwa kwa ajili ya Juni.

Zinabaki zile zisizobofywa kabisa, ambazo mfumo huziacha kwa kuwa huelekeza fedha kwenye zilizokwisha kuuza. Hizo hupatikana kwa kulinganisha katalogi nzima na ripoti ya mibofyo, na zinahitaji kampeni yao yenye fedha yake, isiyoweza kuhamia kwa washindi: bidhaa 20 kwa mwezi, zenye faida kubwa na zilizo katika msimu wake, zikipewa mibofyo 50 kila moja, zitagharimu shilingi 100,000, sehemu moja ya sita ya bajeti ya duka la mfano.