Toa Makorokoro Kwanza, Rangi Baadaye!

Wiki hii naongea na wewe ambaye fundi rangi ameshakupigia hesabu, na pazia umeshalichagua kabisa pale Kariakoo. Tulia kwanza. Fundi akikuta nyumba imejaa vitu, hahamishi kitu huyo. Anapaka kwa kulizunguka kabati, nyuma anakuachia kiraka cha rangi ya zamani, na siku ukilisogeza utajiuliza pesa yako ilikwenda wapi. Nyumba hupunguzwa kwanza ndipo ikapambwa.

Nina shoga yangu Sinza, anaishi na mumewe na mtoto wa miaka 3 kwenye vyumba viwili, sebule na jiko la kubanana. Mwenye nyumba karuhusu wapake rangi. Nikamwambia, shoga, tenga siku mbili tuanze kupunguza. Mwenyewe akataka tuanzie sebuleni, kwa sababu ndiko wageni wanakoona. Nikakataa. Sebuleni kulikuwa na kabati la vyombo la marehemu mama yake, na mtu ukianza na kitu cha machozi, hadi saa sita mchana hujatoa hata kijiko. Tukaanzia jikoni.

Kanuni yenyewe haina utaalamu. Tandika mkeka, toa kila kitu nje ya kabati, halafu gawa mafungu matatu: kinachobaki, kinachokwenda stoo na kinachotoka. Kinachobaki ni kile kinachotumika wiki hadi wiki. Cha stoo ni kile unachoweza kutaja siku utakayokihitaji. Ukijibu "ipo siku kitafaa", bibi wee, hicho kinatoka.

Jikoni tulikuta chupa za chai 5, zote zawadi za harusi. Nyumba ya watu watatu inataka mbili, moja ya kila siku na moja ya wageni. Makopo ya plastiki tuliyapanga na vifuniko vyake. Lisilo na kifuniko likatoka, maana hata unga haliwezi kulinda dhidi ya wadudu. Sufuria kubwa la shughuli likaenda stoo bila ubishi, kwa sababu hutumika kila sikukuu. Saa mbili tu, jiko likaonyesha ukuta wake.

Chumbani kazi kubwa ilikuwa nguo. Zile sare za vitenge za harusi za watu, zilizovaliwa mara moja tu, zilikuwa 9. Mbili zikabaki, nyingine 3 tukampelekea fundi cherehani azigeuze foronya za mito ya kochi. Hapo tayari pambo la sebule limepatikana bila kununua. Zilizosalia zikatoka. Nguo za mtoto zilizombana tuliuliza swali moja tu: mnategemea mwingine? Shemeji akacheka, shoga akainama. Basi zikaenda stoo.

Hapo kwenye stoo ndipo wengi wanapoharibu. Nguo ifuliwe na ikauke kabisa juani, kwa sababu ikifungwa na unyevu kidogo, kwa joto letu la Dar, utaikuta na madoadoa ya ukungu. Iweke kwenye sanduku la bati au ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Boksi la karatasi ni hoteli ya mende, na mchwa wanalila. Sanduku lisikae sakafuni, liinue kwa matofali mawili, maana masika yakija maji hayapigi hodi. Juu yake bandika karatasi yenye orodha ya vilivyomo na tarehe. Miezi 6 ikipita hujalifungua, wala hakuna sikukuu wala mtoto anayesubiriwa, ujue ile si stoo tena, ni jalala lenye mfuniko.

Na vinavyotoka navyo vina heshima yake. Usimpe mtu kitu ambacho wewe ungeona haya kupewa. Godoro la mgeni lilikuwepo, tukalikagua kwenye mishono. Ukiona vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, hao ni kunguni, na godoro hilo hapewi mtu, utakuwa umemhamishia vita. La shoga lilikuwa safi, akapewa dada wa kazi, aliyekuwa anatafuta la kupeleka kwao. TV ya kichogo iliyokufa tukampa fundi TV achukue vipuri. Msiipasue wenyewe uani, kioo chake kina madini ya risasi, na watoto wanacheza hapo hapo. Muhimu zaidi, vya kutoa vitoke siku hiyo hiyo. Mfuko ukilala mlangoni siku tatu, utashangaa unarudi ndani wenyewe!

Jumapili tukafika sebuleni. Kabati lenyewe la mninga, upana wake mita 1.8, kwenye ukuta wa mita 3, na limekula nusu ya dirisha. Shemeji alikuwa ameshasema litoke. Shoga naye akasema likitoka, na yeye anatoka. Kasheshe!

Nikamuuliza taratibu: ukifumba macho ukamkumbuka mama, unaona nini? Akanyamaza. Halafu akasema, "Namuona anamimina chai kwenye vikombe vyake vya maua." Hakulitaja kabati.

Lakini kitu cha marehemu si cha mtu mmoja, hata kama kimekaa kwako miaka. Kwanza akawapigia simu ndugu zake. Dada zake wawili wakaja mchana ule ule, kaka akasikilizwa kwa simu kutoka Kibaha. Tukatoa vyombo vyote mezani. Shoga akachukua birika na vikombe 6 vya maua, dada zake wakagawana sahani na mabakuli. Kaka, mwenye nyumba kubwa, akalitaka kabati lenyewe. Kabla halijapakiwa tulikagua miguu na mgongo wake: hakuna vumbi la mbao, na ukiligonga halitoi mlio wa uwazi. Maana yake mchwa hawajaingia. Halikutupwa, limebaki kwenye ukoo.

Sasa sikia kilichokuwa nyuma yake. Ukuta mweusi wa ukungu, kuanzia sakafuni hadi kiunoni! Kabati lilibanwa ukutani bila nafasi ya hewa kupita. Mngepaka juu yake, ndani ya miezi michache rangi ingevimba na weusi ungetokeza tena. Tukafungua madirisha, tukausugua kwa maji yenye jiki huku pua zimefunikwa, tukauacha ukauke siku 4. Ukikauka na weusi usirudi, tatizo lilikuwa hewa. Ukirudi, unyevu unatoka ukutani kwenyewe, labda bomba au mvua, hapo mwite fundi kwanza, rangi isubiri.

Kwao haukurudi. Fundi akaupaka ukuta mzima, na sasa dirisha lote linatoa mwanga. Kochi liko pale penye kabati, limeachwa mbali na ukuta upana wa kiganja, na vile vikombe 6 vimekaa kwenye rafu moja ndogo. Wageni wanaviuliza. Ndani ya lile kabati vilikuwa nyuma ya bakuli, hakuna aliyewahi kuviona.

Haya, leo usiku tandika mkeka jikoni kwako. Tukutane wiki ijayo!