Mwenzetu hayupo: tumuachie kiti chake

Wasikilizaji wetu wa Panda, na ninyi jamaa mliokuja kwetu kwa kukimbia vita, leo nataka tuongee juu ya songisongi ya kazini. Sitasema kwamba ni mbaya, maana kila mtu anajua, na kila mtu anaendelea. Nataka tuone jambo moja tu: mtu afanye nini pale wenzake wanapoanza kumsema mfanyakazi mwenzao asiyekuwepo, bila yeye kujifanya padri wa kikundi.

Tuchukue mfano. Wafanyakazi wanane wana likelemba. Kila juma kila mmoja anatoa franka 10 000, na anayeshika zamu anapokea 80 000. Pesa inakaa kwa mama mmoja anayeaminiwa. Siku ya tatu ya juma, ambayo ndiyo siku ya kugawa, mama huyo hajafika kazini, na jana yake pia hakufika. Saa ya kula, mmoja anasema: «Huyu mama, mimi nilimuona juzi na kitenge kipya.» Mwingine anacheka. Wa tatu anasema bwana wake hana kazi tangu mwaka jana. Kabla bukari haijaisha, mama amekwisha kuwa mwizi, ndoa yake imevunjika, na kitenge ndicho ushahidi.

Angalieni vizuri, maana hapo kuna mambo mawili yaliyofungwa katika kifurushi kimoja. La kwanza ni la haki: pesa yetu iko wapi, na mwenye zamu ya juma hili atapokea lini? Huyo mwenye zamu pengine anangojea zile 80 000 alipe kodi ya nyumba. Wasiwasi wake ni wa kweli. La pili ni kitenge, bwana na ndoa. Hilo halitamletea mtu hata franka moja.

Anayetaka kugeuza maneno bila kuchukiza watu, ashike lile la kwanza na aliache la pili lianguke lenyewe. Aseme kwa mfano: «Ni kweli, pesa ya juma hili inachelewa, na mwenye zamu ana haki ya kujua. Nani anakaa karibu naye? Mimi naweza kupita kwake jioni.» Hapo hajamkanya mtu. Amekubali kwamba wenzake wana sababu ya kuuliza, na amewapa njia ya kupata jibu. Ya kitenge hakuigusa kabisa. Mara nyingi haitarudi, sababu kilichokuwa kinaisukuma ni ule wasiwasi wa pesa.

Sasa linganisheni na yule anayesema: «Mimi sipendi kusengenya watu. Mungu anawasikia.» Neno ni zuri, lakini limewageuza wengine saba kuwa wakosefu mbele ya mtakatifu mmoja. Watanyamaza, ndiyo. Kesho wataongea mbali naye, na yeye mwenyewe atakuwa habari ya pili. Yule mama hakupata faida yoyote.

Kuna jambo la saa pia. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Amerika, Donna Eder na Janet Enke, walitoa kazi yao juu ya namna vijana wa shule wanavyomsema mwenzao asiyekuwepo. Waliona kwamba jibu la kwanza ndilo linaloelekeza safari. Mtu akileta swali ama neno tofauti mara tu baada ya lile neno baya la kwanza, maongezi yanaweza kupinduka. Lakini mtu wa pili akishaunga mkono, ni nadra kupata wa kupinga, maana sasa anayepinga hapingani na mmoja, anapingana na kikundi. Wale walikuwa vijana wa shule, si watu wazima wa kazini, lakini aliyekaa kwenye kikundi cha saa ya kula atalitambua hilo. Katika mfano wetu mlango ulikuwa pale kwenye kitenge. Kile kicheko ndicho kilichoufunga. Kwa hiyo anayechelewa asipigane na maneno yote. Atafute tu pale pesa ilipotajwa, aanzie hapo.

Na kama anayesema ni mkubwa kwako? Kwetu kijana hamkatizi yaya wala hamsahihishi mama mbele ya watu. Hapo swali linafanya kazi kuliko hukumu: «Mama, yeye mwenyewe alisema nini?» Swali liulizwe kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, si ya mtu anayetega. Kama hakuna aliyemuuliza mwenyewe, itaonekana bila mtu kuaibishwa. Sisi wa redio ndiyo desturi yetu: habari ya mtu haipiti hewani kabla ya kumtafuta mwenyewe aseme upande wake.

Ukijaribu mara mbili na maneno yanarudia palepale, usijaribu mara ya tatu. Simama, sema unakwenda kunawa mikono, uende kweli. Kikundi kikipungua mtu mmoja bila ugomvi, maneno yanapoa.

Lakini kuna pahali ambapo kugeuza maneno ni kosa. Kama wanasema kwamba mwenzetu anapiga watoto, anadai rushwa kwa familia zinazotafuta msaada, ama anawasumbua wasichana, usilete habari ya mvua. Hilo si songisongi hata kama limeanza kama songisongi. Sema wazi: «Neno hili si la hapa. Aliyeona aende kwa mkubwa wa kazi, mimi nitamsindikiza.» Kipimo ni chepesi: neno likipelekwa kwa mwenye uwezo wa kulitengeneza, litaleta faida? Kama ndiyo, lipelekwe huko. Kama faida yake ni kicheko tu, liachwe.

Kwa nini nawaandikia hasa ninyi mliohamia hapa? Sababu mgeni ndiye asiye na ndugu ndani ya kile kikundi cha saa ya kula. Akikosekana siku moja, hakuna wa kusema «namjua, mtoto wake anaugua.» Likasi inajua neno lisilo na wa kulijibu linaweza kufika wapi. Mwaka 1992 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba na kazi zao, zikalala kwenye stesheni yetu zikingoja treni. Siasa ndiyo iliyowasha moto ule. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuitwa bilulu, yaani wadudu, na waliowaita hivyo walikuwa majirani na wenzao wa kazi. Kitenge cha mama mmoja si jambo la ukubwa huo. Ila zoezi ni lilelile: kuna mtu mmoja anayeuliza mapema, ama hakuna.

Turudi kwa likelemba yetu ili tumalize. Jioni yule mwenzetu anafika kwa mama. Kwanza amuulize hali, kisha pesa, na asiweke simu kwa sauti ili wengine wasikilize kwa siri. Anaweza kukuta ugonjwa. Anaweza pia kukuta pesa kweli imetumika, na hapo wanane wataketi pamoja na mama mwenyewe, wapange siku ya kurudisha. Kwa vyovyote, kuna neno moja asilifikishe pale: «Unajua walikusema nini?» Akilisema hilo, amebeba mgongoni songisongi ileile aliyoigeuza mchana, na ameifikisha nyumbani kwa mwenyewe.