Kiwambo Hakinyamazishi Bunduki

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini sheria kubwa ya kodi na matumizi. Ndani yake kulikuwa na kifungu kifupi kilichozua mabishano marefu: kodi ya dola 200, iliyotozwa tangu mwaka 1934 kwa kila anayenunua au kutengeneza kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki, ilishushwa hadi sifuri kuanzia 1 Januari 2026. Baraza la Wawakilishi lilitaka kwenda mbali zaidi na kuviondoa kabisa viwambo katika sheria ya 1934 iliyoweka kodi hiyo pamoja na usajili wa vifaa hivyo, lakini kanuni za Seneti za miswada ya bajeti zikazuia. Kodi ikaondoka, usajili ukabaki.

Kinachoniudhi ni hoja zilizotumika kufika hapo. Wapinzani walisema kiwambo kinampa muuaji bunduki isiyosikika. Watetezi wakajibu kwamba ni kifaa cha kulinda masikio tu. Mabishano yote yalizungukia picha tunayoijua kutoka kwenye filamu na riwaya za kijasusi: bastola inakohoa kidogo, mtu anaanguka, na aliye chumba cha pili hana habari. Picha hiyo ni ya uongo, na bunge halipaswi kutunga sheria juu yake.

Tuanze na chanzo cha mlio. Baruti inapoungua ndani ya ganda la risasi hugeuka kuwa gesi yenye joto kali, na gesi hiyo ndiyo inayoisukuma risasi kupita kwenye mtutu. Risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu, gesi iliyo nyuma yake bado ina presha ya mamia ya mara kuliko hewa ya nje. Inafumuka kwa ghafla na kuipiga hewa. Pigo hilo ndilo mlipuko tunaousikia.

Kiwambo ni bomba linalofungwa mdomoni mwa mtutu. Ndani yake mna chemba zilizotengwa kwa visahani vya chuma vyenye tundu katikati, ambamo risasi hupita bila kugusa. Gesi inayofuata hutanuka ndani ya chemba ya kwanza, hugonga kisahani, huzunguka, huachia sehemu ya joto lake kwenye chuma, kisha husogea chemba inayofuata. Inapofika nje imepoa, presha yake imeshuka, na inatoka kwa muda mrefu zaidi. Ni kama kufungua chupa ya soda taratibu: gesi yote inatoka, ila haitoki kwa mkupuo. Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza ya kifaa hiki Marekani mwaka 1909, alitumia kanuni hiyohiyo kupunguza kelele za ekzosi za injini. Hata hivyo tundu la risasi lazima libaki wazi, na gesi hupita humohumo. Kiwambo huichelewesha gesi, hakiifungii.

Sasa tupime. Bunduki ya aina ya AR-15 yenye risasi za milimita 5.56 hutoa takribani desibeli 165 ukipima mita moja kutoka mdomo wa mtutu. Kiwambo kizuri huishusha hadi karibu 135. Punguzo hilo la desibeli 30 ni kubwa: kilele cha presha ya sauti kinashuka kutoka paskali 3,500 hivi hadi karibu 110, yaani zaidi ya mara 30. Lakini hizo paskali 110 zilizobaki bado ni zaidi ya mara elfu ya presha ya sauti ya watu wawili wanaozungumza. Hakuna jirani atakayeendelea kulala kwa kuwa desibeli zimebaki 135.

Wapinzani wa kifungu hicho hutaja Virginia Beach, ambako tarehe 31 Mei 2019 mtu mwenye bastola iliyofungwa kiwambo aliua watu 12 katika jengo la serikali. Baadhi ya walionusurika walisema mlio ulifanana na wa mashine ya kupigilia misumari. Hoja hiyo ina uzito wake: kiwambo huweza kumchelewesha mtu kutambua anachosikia, na humpa shida kujua mpigaji yuko wapi. Lakini walisikia. Kushindwa kutambua sauti ni jambo moja, kutoisikia ni jambo jingine.

Hata hivyo, tuseme fundi amebuni kiwambo kisichovujisha hata chembe ya gesi. Bunduki hiyo bado isingekuwa kimya, na hapa ndipo hoja ya ukimya inapovunjika kabisa. Risasi ya 5.56 hutoka kwenye mtutu mrefu kwa karibu mita 990 kwa sekunde. Sauti husafiri hewani kwa mita 343 hivi kwa sekunde. Risasi inaitangulia sauti karibu mara tatu, hivyo hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kujitenga polepole. Inasongamana na kuwa wimbi kali linaloifuata risasi kwa umbo la pia, na kila linapompitia mtu husikika kama mchapo wa kiboko. Wimbi hilo halizaliwi mdomoni mwa mtutu. Linazaliwa na risasi yenyewe angani, mita mia, mia mbili, mia tatu kutoka kwenye bunduki, ilimradi kasi yake inazidi ya sauti. Kifaa kilichofungwa kwenye mtutu hakiwezi kuligusa.

Njia pekee ya kuliondoa ni kuipunguza kasi risasi. Gharama yake iko wazi, kwa sababu nishati hupungua kwa mraba wa kasi. Risasi hiyo ya gramu 3.6 ina jouli zipatazo 1,760 ikienda mita 990 kwa sekunde. Ikienda mita 310 inabaki na jouli 173, karibu sehemu ya kumi. Na gesi ikipungua kiasi hicho, bunduki inayotegemea gesi kujipakia inaweza kushindwa kufanya hivyo. Wengine huchagua risasi nzito ziendazo polepole, na bado chuma hugonga chuma kila bolti inaporudi na kusonga mbele.

Waliotaka ukimya kwa dhati walilazimika kuacha karibu kila kitu kinachoifanya bunduki ya kisasa kuwa ya kisasa. Bastola ya Kiingereza ya Welrod, iliyoundwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya majasusi, ilitumia risasi ya polepole, iliziba gesi kwa vipande vya mpira vilivyochakaa baada ya milio michache, na ilipakiwa kwa mkono kila baada ya risasi moja. Wasovieti walikwenda mbali zaidi na bastola ya PSS, ambayo gesi hubaki ndani ya ganda, nyuma ya pistoni ndogo. Haina kiwambo kabisa, na ni silaha ya masafa mafupi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofanana na bunduki ya dukani iliyozungushiwa bomba mbele.

Na watetezi wasijipongeze. Kikomo cha usalama kazini nchini Marekani kwa sauti za kishindo ni desibeli 140. Bunduki iliyo desibeli 135 mita moja pembeni iko chini kidogo tu ya kikomo hicho, na sikio la mpigaji lipo karibu na tundu la kutupia maganda, ambako gesi iliyorudishwa nyuma na kiwambo hutokea. Anayemwambia mwindaji kwamba sasa anaweza kuacha vifaa vya masikio nyumbani anamharibia masikio.

Uvumilivu wangu umeishia kwa wabunge. Wana maabara, wana majeshi yanayopima silaha hizi kila mwaka, wana wataalamu wa kuwauliza, na bado walizungumza kama watu waliotoka kuangalia filamu. Anayetaka usajili ubaki, aseme kwamba kiwambo humficha mpigaji. Hiyo ni hoja ya kweli. Anayetaka uondoke, aseme kwamba kinapunguza madhara kwa masikio bila kuyamaliza. Nayo ni ya kweli. Lakini kila atakayesimama tena kutaja bunduki isiyosikika aulizwe papo hapo: risasi gani, kwa kasi gani, na umepima wapi? Asiye na jibu akae chini.