Shindano la juma: kwa nini wengi wanatazama na hakuna anayelipa

Juma hili tunajibu swali la dada mmoja wa Beni anayefundisha mazoezi ya mwili. Anaandika kwamba kila asubuhi anaweka video yake katika stati ya WhatsApp, anaruka, anapiga tumbo, anakimbia mahali pamoja. Watu zaidi ya mia mbili wanatazama, wanamtumia mikono ya kupongeza na kumwambia « courage », lakini tangu miezi mitatu ni wamama wawili tu waliolipa. Anauliza kama apunguze bei.

Dada yetu, usiguse bei. Anayetazama video yako anakuona wewe ukifanya kazi, na kwa upande wake hajafanya lolote. Shindano la juma linageuza jambo hilo: yeye ndiye anafanya, wewe unahesabu. Mtu akishakutumia hesabu yake ya Jumatatu, ameshaanza kuwa mwanafunzi wako, hata kama hajalipa franka moja.

Chukua zoezi moja tu kwa juma zima, na liwe zoezi linalohesabika. Mimi ningeanza na kiti. Kiti cha kawaida kisicho na magurudumu, kiegemee ukuta ili kisiteleze, mikono imekunjwa kifuani, unainuka hadi kusimama wima na kuketi tena, kwa sekunde 30. Unahesabu mara ngapi ulisimama kabisa. Waganga wanatumia kipimo hikihiki kwa wazee: kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, chini ya mara 12 inaonyesha kwamba miguu imeanza kudhoofika. Kiti kiko katika kila nyumba na kila magazini. Mama anaweza kufanya akiwa na kikwembe chake, mlango umefungwa, na pale Beni ambako jioni watu wanaingia nyumbani mapema, hakuna anayehitaji kutoka nje. Tena kinawagusa wale hasa wanaohitaji mazoezi. Mama anayetoka shambani na mzigo mgongoni kila siku hana haja ya kochi wa miguu. Anayeketi magazini pale Butembo toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, au mshonaji aliye kwenye mashine siku nzima, huyo ndiye mteja wako.

Sasa juma lenyewe. Jumatatu ni kipimo: unaweka video fupi ya sekunde 15, na maneno yaliyoandikwa chini, kwa sababu wengi wanafungua stati bila sauti na mega zinakwisha. Maneno yawe hivi: « Hesabu mara ngapi umesimama kwa sekunde 30. Nitumie namba yako tu, kwangu peke yangu. Jumamosi tutapima tena. » Jumanne hadi Ijumaa wafanye nusu ya namba yao, mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, bila haraka. Jumamosi kipimo tena.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Stati ya WhatsApp inaonekana na mtu tu ikiwa wewe umeweka namba yake katika simu yako na yeye ameweka yako. Mama aliyepata namba yako kwa jirani, akaiandika kwenye karatasi, haoni kitu. Orodha ya matangazo nayo ina sharti lake, inafika tu kwa aliyehifadhi namba yako. Basi kila mtu mpya mwambie kwanza: « Mama, hifadhi namba yangu kwa jina la Mazoezi, nami nahifadhi yako. » Grupu lingekuwa rahisi zaidi, lakini ndani ya grupu kila mmoja anaona namba za wote, na mume wa fulani anaanza kuuliza maswali. Acha grupu kwa waliolipa na wanaofahamiana.

Tuchukue mfano. Watu 200 wanatazama stati Jumatatu. Tuseme 30 wanatuma namba. Wale 170 waliobaki usiwafuate, waache watazame. Kazi yako juma hilo ni wale 30. Waandike katika daftari: jina, namba ya Jumatatu, siku waliyonyamaza.

Kati yao kuna muuza vitambaa wa Butembo aliyetuma 14. Jumanne ametuma alama ya kidole gumba. Jumatano, kimya. Makochi wengi wanampoteza mtu siku hiyo bila kujua sababu. Misuli ambayo haijazoea kazi inauma zaidi siku ya pili na ya tatu, si siku ileile. Mama anashuka ngazi asubuhi, mapaja yanalalamika, anasema moyoni kwamba amejiumiza, anaacha. Ukimwandikia Jumatano jioni, kabla yeye hajasema, inakuwa kama umemwona:

« Mama, habari ya leo? Mapaja yanauma ukishuka? Yakiuma pande zote mbili, ni kawaida, yatapoa Ijumaa. Leo fanya mara moja tu asubuhi na mara moja jioni, polepole. Lakini kama ni goti moja linachoma, au limevimba, usifanye, niambie. »

Afadhali umtumie kwa sauti yako, sekunde 20. Sauti ya mtu ina uzito kuliko maandishi. Ndiyo, ni sauti 30 jioni moja, na ni kazi, kama dakika 40 hivi. Hiyo ndiyo gharama yako ya kutafuta wateja. Hakuna nyingine.

Jumamosi muuza vitambaa anatuma 17. Amefurahi. Hapa unahitaji ukweli, kwa sababu anaweza kukuuliza kama misuli imeshakua. Haijakua. Katika siku tano mwili umejifunza tu njia ya kusimama: hayumbi, haogopi, hapotezi nguvu. Misuli yenyewe inataka majuma mengi. Mwambie hivyohivyo, kwa sababu ukweli huo ndio mlango wa kumwalika: « Mama, mara 3 ulizoongeza ni kujifunza. Nguvu yenyewe inakuja baada ya majuma kadhaa. Jumatatu naanza na wamama 6 kwa majuma manne, mara tatu kwa juma, dakika 40. Ni dola 10. Nafasi ni 6 kwa sababu ndivyo ninavyoweza kumtazama kila mmoja magoti yake. Ungependa nikuwekee? »

Mwaliko huo utume kwa wale waliomaliza Jumamosi tu, mmoja mmoja kwa jina lake na namba zake mbili. Wakimaliza 14 na wanne wakilipa, juma limezaa vizuri. Wanne kwa dola 10 ni dola 40 kwa vipindi 12, yaani zaidi kidogo ya dola 3 kwa kipindi. Wakifika sita, ni dola 5. Chini ya wanne usianze, ahirisha hadi juma linalofuata, kwa sababu utachoka na kuacha katikati, na habari hiyo itatembea sokoni kuliko stati yako. Anayeona dola 10 ni nyingi kwa mara moja, mruhusu alipe tano na tano, ila sehemu ya kwanza iingie kabla ya Jumatatu, kwa simu au mkononi, na uandike mbele yake. Wamama tunaojua likelemba tunaelewa: anayeanza bila kuweka chochote ndiye wa kwanza kukosekana. Na wawili wanaojuana wakiingia pamoja, wanakumbushana.

Kuhusu picha za kabla na baada, tusizifiche. Huko ng'ambo zimejenga biashara kubwa. Kayla Itsines, kochi wa Adelaide, Australia, alianza kuuza mwongozo wake wa majuma 12 mwaka 2014 huku akionyesha kwenye Instagram picha ambazo wanawake walimtumia wenyewe, na mwaka 2021 kampuni yake iliuzwa kwa Wamarekani wa iFIT. Lakini hata yeye alikuja kusema kwamba anajutia jina aliloupa mwongozo ule, lililohusu mwili wa kuvaa nguo ya kuogelea. Hapa kwetu, ambapo Butembo na Beni ni ndugu na kila mtu ana shangazi upande wa pili, picha ya tumbo la mama wa watu ikitoka kwenye simu yako hairudi. Onyesha namba: « Mama mmoja, 14 hadi 17. » Tena umwombe ruhusa hata kwa hiyo. Wala usiahidi kilo. Kilo hazitoki kwa kiti katika juma moja, na aliyeahidiwa kilo atapanda mizani Jumamosi badala ya kuhesabu.

Kabla ya kupokea pesa, uliza maswali manne, na usione haya. Umejifungua lini, na je, kwa operesheni? Mkojo unatoka ukikohoa au ukicheka? Ukiinuka kitandani, tumbo linachomoza katikati kama mgongo wa samaki? Presha yako ilipimwa lini? Mama aliyejifungua aende kwanza kuonwa kituo cha afya, kwa kawaida baada ya majuma sita, na kuruka na kukimbia kungoje angalau miezi mitatu. Anayevuja mkojo au tumbo linalochomoza, mwondolee miruko na mazoezi ya kuinua kichwa na miguu pamoja. Kiti na kutembea vinaweza kubaki, akivuta pumzi akiketi na kuitoa akisimama. Asiyejua presha yake, apimwe. Na wote wajue lini wanasimama palepale: maumivu ya kifua, kizunguzungu, damu inayorudi baada ya uzazi, au mguu mmoja uliovimba na kuuma. Hizo si za kochi, ni za kituo cha afya, siku ileile.

Dada yetu ameuliza pia kama video zake za kuruka zilikuwa kazi bure. Si bure, zimekuletea macho 200. Lakini mama wa watoto watano akiziona anasema, hiyo si yangu. Ziweke siku ya Jumapili kama unapenda.

Juma la pili usirudie kiti. Weka kusukuma ukuta: umesimama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, unakunja viwiko na kujisukuma, sekunde 30. Waliokataa dola 10 juma la kwanza waache wacheze tena bila kuwauliza. Anayetuma namba majuma matatu mfululizo, huyo mpigie simu.