Mtihani wa Majaribio Usiodanganya

Kila muhula ukikaribia mwisho, maswali ya mitihani iliyopita huzagaa hapa Kigali. Yapo ya Rwanda, yapo ya Kenya na ya Tanzania. Wengi huchagua yanayowapendeza, huyabandika pamoja na kuuita mkusanyo huo mtihani wa majaribio. Naona huko ni kujidanganya, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Tuchukue karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE wa Kenya, kwa kuwa muundo wake unajulikana wazi. Ina alama 80 kwa saa mbili na nusu: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Sasa tuseme una uwezo huu: katika matumizi ya lugha unapata 36 kati ya 40, katika ufahamu 5, ufupisho 6 na isimujamii 5. Jumla ni 52 kati ya 80, yaani asilimia 65. Lakini ukijitungia karatasi yenye alama 70 za matumizi ya lugha na 10 za isimujamii, kwa uwezo uleule utapata 68, yaani asilimia 85. Hujajifunza neno jipya, ila umejiongezea alama 20 katika kila mia. Siku ya mtihani zitakuponyoka.

Kwa hiyo, anza na ukurasa wa kwanza wa karatasi halisi, wala si na maswali. Ukijiandaa kwa mtihani wa NESA, tafuta karatasi ya karibuni ya kiwango chako, unakili muda, sehemu na alama za kila sehemu. Usiazime mgawanyo wa Kenya kwa mtihani wa Rwanda. Ninachokuazima hapa ni njia tu.

Kisha pima muda. Katika mfano wetu kuna dakika 150. Tenga 10 za kupitia karatasi na 20 za kuhakiki majibu. Zinabaki 120 kwa alama 80, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Ufahamu utapata dakika 22 na nusu, pamoja na kusoma kifungu chenyewe. Ufupisho vivyo hivyo. Matumizi ya lugha saa nzima. Isimujamii dakika 15. Ikiwa kifungu ulichochagua kinakula dakika 15 kabla hujaandika jibu la kwanza, ni kirefu mno. Tafuta kingine.

Sasa ndipo ufungue hazina yako ya maswali. Kila swali liandikie mwaka, sehemu, mada na alama zake. Kifungu cha ufahamu kichukue kizima pamoja na maswali yake yote, kwani ukichanganya maswali ya miaka mbalimbali alama hazitalingana. Katika sarufi, chagua kwa mada, si kwa kubahatisha. La sivyo utajikuta na maswali manne ya ngeli na hakuna hata moja la usemi wa taarifa.

Alama nazo zifuate kazi inayotakiwa. Chukua swali hili: “Bainisha viambishi katika neno hatukuwasomea.” Mzizi ni som. Viambishi ni sita: ha ya ukanushi, tu ya nafsi, ku ya wakati uliopita katika ukanushi, wa ya watendewa, e ya kauli ya kutendea na a ya kiishio. Ukitoa nusu alama kwa kila kimoja, swali lina alama 3. Ukiliandikia alama 5 ili jumla itimie, msahihishaji hatajua alama mbili zilizobaki azitoe kwa lipi. Jumla isipotimia, badilisha swali, usibadilishe alama.

Wako walimu wanaoamini kwamba karatasi ya majaribio iwe ngumu kupita ile halisi, ili mwanafunzi ashtuke. Sikubaliani nao. Karatasi isiyoweza kumalizwa kwa muda wake haioni tofauti kati ya asiyejua na aliyekosa dakika. Aliyetunga aifanye kwanza yeye mwenyewe akiwa na saa mezani. Asipoimaliza mapema, hana haki ya kumpa mwenzake.

Mkiwa kundi, anayetunga asiwe mtahiniwa, na mwongozo wa kusahihisha uandikwe kabla ya karatasi kugawiwa. Mtihani wa taifa una haki kwa sababu wote hupewa maswali yaleyale, muda uleule na kipimo kilekile. Mwongozo ukiandikwa baada ya kuona majibu, rafiki atapewa nusu alama ambayo mwingine ameinyimwa, nanyi hamtajua tena nani kati yenu anahitaji kurudia ufahamu.